Vitabu vya Mtandaoni na Mwanafunzi wa Ng'ambo: Ni Nani Apokee, na Wapi?

Kila muhula unapofunguliwa katika vyuo vya Mombasa, huzuka upya mabishano yale yale baina ya wanafunzi, wazazi wao na wenye nyumba za kupangisha, nayo ni juu ya vitabu vilivyoagizwa kwa simu kutoka Nairobi na ambavyo ama havikufika, ama vilifika vikapokelewa na mtu asiyejulikana, ama vilifika salama na kumbe sivyo vilivyoagizwa. Mmoja husema kosa ni la duka, mwingine husema ni la tarishi, wa tatu humlaumu bawabu wa hosteli aliyetia sahihi pasipo kutazama. Na kwa kuwa kila mmoja ana chembe ya haki katika madai yake, mabishano hayo hayana mwisho. Makusudio ya makala haya ni kulichambua jambo lenyewe tangu asili yake, kuzieleza rai tatu zilizoenea kuhusu mahali pa kupokelea vifurushi hivyo na mtu wa kuvipokea, kisha kuzitia katika mizani kwa kuzingatia hali halisi ya Likoni, Kisauni na Changamwe, ambako ndiko waliko wapangaji wengi.

Asili ya taabu

Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilichoanza kwa jina la MIOME na kupewa hati ya chuo kikuu mwaka wa 2013, kiko Tudor, yaani kisiwani. Na vivyo hivyo ofisi za mabasi yatokayo Nairobi, ambayo ndiyo yabebayo sehemu kubwa ya vifurushi, ziko kisiwani pia, nyingi zikiwa pande za Mwembe Tayari. Lakini mabweni ya chuo hayawatoshi wanafunzi wote, na kodi za kisiwani si za mfuko wa mwanafunzi, kwa hiyo wengi huvuka kwenda kupanga ng'ambo: Mwandoni, Mlaleo na Mishomoroni kwa upande wa Kisauni, Mtongwe na Timbwani kwa upande wa Likoni, Magongo, Chaani na Mikindani kwa upande wa Changamwe na viunga vyake. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi hushinda upande mmoja wa maji na kulala upande wa pili, na saa ambazo tarishi huzunguka na mizigo ndizo saa zile zile ambazo mwenye mzigo hayuko nyumbani.

Juu ya hilo liko la anwani. Nyumba nyingi za ng'ambo hazina namba, na njia nyingi hazina jina lililoandikwa popote. Mtu huelekezwa kwa msikiti, kwa mnara wa simu, kwa mti, au kwa duka ambalo pengine limekwisha badilisha rangi tangu maelekezo yale yatolewe. Anwani ya namna hii inamfaa jirani, lakini haimfai mtu aliye juu ya pikipiki mwenye vifurushi vingi na siku moja ya kuvimaliza. Kwa hakika anwani ya mwanafunzi wa ng'ambo si nyumba yake, bali ni simu yake. Na simu hiyo ikizimwa kwa sababu ya mtihani au kwa kuisha moto, mzigo huwa umekosa mwenyewe.

Sababu ya tatu haikutoka Mombasa, nayo ni tabia ya kitabu cha kiada chenyewe. Shati likija na rangi isiyokusudiwa bado ni shati, ilhali kitabu cha kiada kikija cha toleo jingine, mazoezi yake huwa yamehama kurasa na namba, na mhadhiri akitoa kazi ya nyumbani kwa namba za toleo jipya, mwenye toleo la kale hufanya kazi isiyoulizwa. Kitabu cha hisabati za uhandisi cha Stroud na Booth, mathalan, toleo lake la saba ni la mwaka wa 2013 na la nane ni la 2020. Jina ni lile lile, waandishi ni wale wale, na picha ya duka mtandaoni aghalabu haionyeshi tofauti. Kinachotofautisha ni ile namba ya tarakimu 13 iliyo nyuma ya jalada, ambayo kwa toleo la saba ni 9781137031204 na kwa la nane ni 9781352010275. Mwanafunzi asiyeiandika namba hiyo katika oda yake amemwachia muuzaji hiari ya kumletea lolote kati ya hayo mawili, tena bila ya kuwa amevunja ahadi yoyote iliyoandikwa.

Rai ya kwanza: kiletwe mlangoni

Wanaoshikilia rai hii husema kwamba mwanafunzi amelipa ada ya kupelekewa, basi apelekewe. Na kwamba kumwambia avuke tena kivuko ili aufuate mzigo wake ni kumtoza mara mbili. Hoja hii ina uzito, hasa kwa Likoni, ambako mwenda kwa miguu huvuka kwa feri bila malipo lakini hulipa kwa muda wake, na ambako asubuhi na jioni umati huwa ni wa kusukumana, wala si mahali pa kubeba sanduku lenye kilo tano za vitabu.

Udhaifu wake ni kwamba mlango unaosemwa si wa mwanafunzi. Hosteli nyingi za kupanga zina lango moja, bawabu mmoja, na vyumba ishirini au thelathini vyenye wakaaji wabadilikao kila muhula. Tarishi hafiki chumbani, hufika langoni, na akiukabidhi mzigo kwa yeyote aliyemkuta pale, kwake yeye kazi imekwisha. Bawabu naye hakuajiriwa kutunza vifurushi, hana kabati la kuvifungia, na zamu yake ikimalizika humwachia mwenzake pasipo maandishi. Vitabu vingi vinavyosemwa vimeibwa njiani vilifika salama salimini hadi langoni, vikapotea katika zile saa sita baina ya tarishi kuondoka na mwenyewe kurudi. Ishara ya kutambua hali hiyo ni rahisi: ujumbe wa kampuni unasema mzigo umepokelewa, saa imetajwa, na jina la mpokeaji ama halipo, ama ni jina moja tu lisilo na namba ya simu.

Kuna na hatari nyingine ambayo rai hii huifungulia mlango, ile ya matapeli wanaojifanya matarishi. Mtu hupiga simu akasema amefika Kongowea na mzigo, ila kuna ada ndogo ya kuuachilia itumwe kwanza, au ataka atajiwe namba ya siri iliyokuja kwa ujumbe. Mwanafunzi aliye darasani, ambaye kweli anangoja kitabu, huamini upesi. Tofauti ya tarishi wa kweli na wa uongo ni kwamba wa kweli anaijua namba ya oda bila ya kutajiwa, na malipo yake, kama yapo, huenda kwa namba ya biashara iliyo katika ujumbe wa duka, wala si kwa simu ya mtu binafsi. Katika M-Pesa jina la mpokeaji huonekana kabla ya kuthibitisha. Likitokea jina la mtu badala ya jina la kampuni, pana haja ya kusimama hapo hapo. Na aliyekwisha kutuma kwa pupa hana budi kuupeleka ujumbe wa muamala kwa 456 papo hapo kuomba urejeshwe, maana fedha zikishatolewa na aliyepokea, urejeshaji huwa ni matumaini tu.

Rai ya pili: kingoje kituoni

Rai ya pili husema kwamba kifurushi kikae mahali palipo na meza, daftari na mtu wa kuulizwa, na mwenyewe akifuate: ama ofisi ya basi, ama kituo cha kuchukulia cha duka la mtandaoni kama vile vya Jumia, ama Posta. Nguvu yake ni kwamba hakuna kitu kinachoachwa. Mzigo hautoki mezani mpaka mtu aonyeshe kitambulisho na namba ya oda au ya stakabadhi, na jina lake liandikwe. Posta nayo, ambayo wengi huidhania kuwa imekwisha kazi yake, ina utaratibu wake wa MPOST uigeuzao namba ya simu kuwa anwani ya posta, hata asiye na sanduku akaweza kupata ujumbe kwamba mzigo wake umefika. Kwa mtu ahamaye hosteli kila mwaka, anwani isiyohama naye ni jambo la maana.

Walakini rai hii nayo ina bei yake. Vituo vina saa zake za kufungua na kufunga, na mwanafunzi mwenye vipindi vya karakana hadi saa kumi na moja jioni hufika mlango umekwisha kufungwa. Mzigo haungoji milele: ukipita muda uliotajwa katika ujumbe hurudishwa ulikotoka, au hutozwa ada ya kukaa. Tena kituo kilichochaguliwa kwa haraka katika orodha ya simu huweza kuwa upande usiofaa kabisa. Mkaazi wa Mtongwe aliyechagua kituo cha Bamburi kwa sababu ada yake imepungua kidogo atalazimika kuvuka feri, kukipita kisiwa chote, na kuvuka daraja la Nyali, kisha arudi njia hiyo hiyo na mzigo begani. Na lililo kubwa zaidi, ambalo watetezi wa rai hii hawapendi kulitaja, ni kwamba karani wa ofisi ya basi si muuzaji. Yeye anajua kwamba sanduku lilifika limefungwa. Kilichomo ndani hakimhusu.

Rai ya tatu: apokee mtu mwingine

Wa tatu husema kwamba mwanafunzi amteue mtu mmoja wa kuaminika ambaye jina na simu yake viandikwe juu ya mzigo. Kwa desturi za pwani hili ndilo jambo jepesi kuliko yote, kwani amana imekuwa ikiwekwa kwa majirani na maduka tangu kabla ya mtandao kuwapo. Lakini huaminika vipi mtu huyo? Wanafunzi wengi humteua mwenzi wa chumbani, na huo ndio uteuzi dhaifu kuliko wote, si kwa kuwa si mwaminifu, bali kwa kuwa ratiba yake ni sawa na ya mwenzake. Siku ambayo mmoja yuko kwenye mtihani, mwingine naye yuko huko huko. Wengine humteua jamaa aishiye mbali kidogo, na hapo mzigo hufika salama kisha ukakaa wiki mbili ukingoja nafasi ya kuletwa.

Afaaye zaidi ni mtu ambaye kazi yake humfunga mahali pamoja: mwenye duka la rejareja karibu na hosteli, fundi cherehani, au wakala wa M-Pesa. Yeye yupo tangu asubuhi hadi usiku, anajulikana na waendesha bodaboda wote wa mtaa, ana mahali pa kufungia, na ana heshima ya biashara ya kulinda. Uaminifu wa mtu hupimwa kwa miaka, lakini kuwapo kwake hupimwa kwa siku tatu za kupita dukani kwake kwa saa mbalimbali. Na katika jambo hili la vifurushi, kuwapo ndiko kwanza. Pia yapasa aulizwe kabla ya jina lake kuandikwa. Kuitoa namba ya simu ya mtu kwa duka la mtandaoni bila ya idhini yake si adabu, na tangu Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019, taarifa za mtu si mali ya kugawa kwa hiari ya mwingine.

Hasara humhamia nani, na lini?

Hapa ndipo penye kiini cha mabishano yote, na ndipo ambapo watu hupatazama kidogo kuliko kwingine. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza, husema kwamba muuzaji akiruhusiwa kuzipeleka bidhaa kwa mnunuzi, basi kuzikabidhi kwa msafirishaji huchukuliwa, mpaka ithibitike vinginevyo, kuwa ni kuzikabidhi kwa mnunuzi mwenyewe. Maana yake ni nzito: mwanafunzi aliyemwambia muuzaji wa Nairobi, kwa ujumbe wa simu, kwamba auweke mzigo kwenye basi lolote la usiku, na muuzaji akautia, huenda akawa amekwisha kuupokea kisheria ilhali yeye yumo Mwandoni hana habari. Sheria hiyo humlinda kwa upande mmoja, kwamba muuzaji yampasa afanye mapatano ya busara na msafirishaji kulingana na aina ya mzigo. Akiutia bila stakabadhi wala jina, mnunuzi aweza kukataa kuyahesabu makabidhiano yale. Lakini ulinzi wa namna hiyo huhitaji ithibati, na ithibati huhitaji maandishi. Ndiyo sababu sentensi moja katika oda, kwamba mzigo ni juu ya muuzaji mpaka utakapokabidhiwa Mombasa kwa mtu aliyetajwa, ina thamani kuliko malalamiko yatakayoandikwa baadaye.

Sheria hiyo hiyo humpa mnunuzi nafasi ya kukagua; hahesabiwi kuwa amezikubali bidhaa ambazo hajapata fursa ya kuzitazama, ingawa akikaa nazo kwa muda mrefu bila kusema neno, kunyamaza kwake huwa ni kukubali. Na Sheria ya Kumlinda Mteja ya mwaka wa 2012 humruhusu kuuvunja mkataba ikiwa bidhaa hazikuletwa katika siku 30 tangu siku iliyoahidiwa, ila hupoteza ruhusa hiyo akikubali kupokea baada ya muda kupita. Tazama sasa mtu wa kupokea anavyoingia: akipokea mzigo uliochelewa kupita kiasi, au akitia sahihi kwamba umefika katika hali njema, yeye anasema kwa ulimi wa mwanafunzi. Kwa hiyo mamlaka yake sharti yawe finyu na yatajwe: apokee, asikague yaliyomo, asikubali, asilipe.

Yako pia mabishano madogo juu ya kulipa kabla au baada. Kulipa baada ya kuletewa humkinga mnunuzi na duka la hewa, lakini matarishi wengi hawaruhusu sanduku kufunguliwa kabla ya malipo, hivyo anayelipa mlangoni analipia kadibodi. Na mtu wa kupokea akiachiwa fedha za kulipa, amana moja imekuwa mbili. Kwa duka lijulikanalo, kama Text Book Centre ya Nairobi iliyoko tangu 1964, kulipa kabla hakuna hofu kubwa. Kwa muuzaji asiye na duka, anayejulikana kwa picha zake tu, ni afadhali kulipa baada, hata kama ni ghali.

Mfano mmoja kwa ukamilifu

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa uhandisi wa umeme, mkaazi wa Mwandoni, aagizaye vitabu viwili kutoka Nairobi: kile cha Stroud toleo la nane, na kile cha Theraja cha taaluma ya umeme, juzuu ya pili, ile ihusuyo mashine za umeme. Tuseme jumla ni shilingi 8,500, na ada ya basi ni 400. Jumatatu usiku analipa kwa namba ya biashara ya duka, na katika sehemu ya maelezo anaandika namba ya tarakimu 13 ya kila kitabu, toleo la kimoja na juzuu ya kingine, na kwamba ofisi ya kupokelea ni ya Mwembe Tayari. Jumanne alasiri anapata picha ya stakabadhi ya mzigo, na kabla ya kuijibu anahakikisha mambo matatu: jina lake limeandikwa kama lilivyo katika kitambulisho, namba ya simu haina tarakimu iliyopinduka, na thamani ya mzigo imetajwa. Hilo la mwisho hupuuzwa mno, ilhali msafirishaji akipoteza mzigo usiotajwa thamani, fidia yake aghalabu huwa ni kiwango kidogo kilichochapishwa nyuma ya ile karatasi.

Basi linaondoka usiku na kuingia Mombasa alfajiri ya Jumatano. Mwanafunzi ana kipindi asubuhi Tudor na karakana kuanzia saa nane mchana, kwa hiyo anakwenda Mwembe Tayari saa saba, katikati ya siku, jambo ambalo mkaazi wa ng'ambo asomaye kisiwani analiweza bila ya kuongeza safari. Anauchunguza mzigo ukiwa ungali mezani: utepe wa gundi ni wa rangi moja na haukupasuliwa ukabandikwa tena, pembe hazikulowa. Kisha anatia sahihi, anasogea kando mbele ya karani, anaufungua huku simu ikipiga video isiyokatika tangu utepe mpaka kitabu. Stroud ni sawasawa. Anakitazama pia kama si nakala ya wizi, maana kitabu kilichonakiliwa hujulikana kwa karatasi ya kijivu, kingo zilizokatwa kwa kupindapinda, na hasa, kwa vitabu vya hisabati, kwa vile vipeo vidogo juu ya herufi, ambavyo hugeuka kuwa madoa yasiyosomeka. Theraja nacho ni kitabu halali, lakini ni juzuu ya kwanza.

Karani hawezi kumsaidia, wala si kazi yake. Lakini saa ya kufungua, hali ya utepe na juzuu iliyomo vyote vimo katika video moja, na ujumbe kwa duka unatumwa kabla hajatoka mlangoni. Duka haliwezi kusema kwamba kitabu kilibadilishwa hosteli, kwa kuwa hakijafika hosteli. Oda iliandika juzuu ya pili, kwa hiyo gharama ya kukirudisha ni ya duka. Lau angaliacha mzigo upokelewe langoni na kuufungua Ijumaa, hoja zake zingalikuwa zile zile, ila ithibati isingalikuwapo.

Juzuu ya pili inatumwa wiki ifuatayo, na safari hii inaangukia siku za mitihani. Hapo ndipo anapohitajika mtu. Duka lina tarishi wake afikaye Kisauni, na mwanafunzi amekwisha kuzungumza na mama mwenye duka la vyakula mkabala na hosteli. Juu ya mzigo panaandikwa jina la mwanafunzi kwanza, kisha jina la mama huyo na simu yake kama mpokeaji wa pili, na jina la duka kama alama ya mahali. Usiku uliotangulia anamwandikia ujumbe wa namna hii:

«Shikamoo mama. Kesho baada ya saa nane mchana atakuja mtu na kifurushi changu cha kitabu kimoja. Kimekwisha kulipiwa, usitoe hata senti. Tafadhali tazama kama kimefungwa vizuri, ukipige picha yeye akiwapo, kisha nipigie. Nisipopokea, mpigie dada yangu kwa namba uliyonayo, naye atakutajia namba ya siri. Kikiwa kimechanika, mwambie arudi nacho. Lawama si yako. Nitakipitia magharibi.»

Namba ya siri, ambayo tarishi huitaka kabla ya kukabidhi mzigo, haimo katika ujumbe huo, nayo imeachwa kwa makusudi. Akiwa nayo mapema, huenda akaitaja kwa yeyote apigaye simu akijiita tarishi. Akitajiwa wakati mzigo uko juu ya kaunta yake, namba ile inafungua mkono wa tarishi na si kitu kingine. Dada yule ana kazi moja tu, ya kuwa na simu iwakayo kwa saa tatu.

Mizani

Kwa Kisauni, basi, neno la haki ni kwamba ofisi ya kisiwani ichukuliwe kuwa njia ya kwanza kwa kila asomaye kisiwani, kwa kuwa njia ya chuo yapita karibu nayo, na mtu wa duka awe ni wa pili, si badala. Hata hivyo mzigo uchukuliwe mchana. Mitaa kadhaa ya Kisauni ina sifa isiyo njema ya makundi ya vijana wenye mapanga, na kuteremka kituo cha matatu baada ya isha na sanduku jipya mkononi ni kulitangaza lililomo. Vitabu vihamishiwe kwenye begi la kila siku, na kadibodi iachwe Mwembe Tayari.

Kwa Changamwe na Mikindani hali ni nyingine. Barabara ya Nairobi hupita pale kabla ya kufika Makupa, na kampuni nyingine zina wakala wake upande huo; mwenye kukaa Magongo au Chaani hana sababu ya kuuacha mzigo umpite kwenda mjini ili aufuate nyuma. Ila amwulize muuzaji kwa maandishi kama wakala yule hupokea vifurushi au huuza tikiti tu, maana wengi huuza tikiti tu, na mzigo ulioandikiwa Changamwe huishia Mwembe Tayari bila ya mtu kuambiwa.

Likoni ndipo penye ugumu wa kweli. Barabara ya Dongo Kundu imeiunganisha Miritini na pwani ya kusini bila ya kivuko, na malori yamefaidika nayo, lakini kwa tarishi wa pikipiki aliye mjini bado njia ni feri, na baadhi yao huongeza ada kwa ajili hiyo au huahirisha mizigo ya Likoni mpaka iwe mingi. Siku ya ahadi, kwa hiyo, aghalabu si siku ya kufika. Kwa mkaazi wa Likoni asomaye kisiwani shauri ni lile lile la Kisauni, ila auchukue mzigo adhuhuri na kuupeleka chuoni, asiingie nao katika umati wa feri wa jioni. Kwa yule asiyevuka kila siku, mathalan anayesoma kozi kwa simu na kuja chuoni kwa mitihani tu, mtu wa duka huwa ndiye wa kwanza, na hapo inafaa zaidi alipie mbele, achague duka lenye masharti ya kurudisha yaliyoandikwa, na aagize wiki tatu kabla ya kukihitaji kitabu. Duka la mpokeaji na liwe karibu na kituo cha matatu cha Likoni badala ya kuwa karibu na nyumba. Tarishi aliyeshuka feri atafika hapo bila ya kuuliza njia, na mwanafunzi atakipita kwa hali yoyote siku atakayotoka.